Jinsi ya kuandika tamko la kweli pale zana ilipokusaidia kuandika au kuhariri

Maswali ya waandishi wanaoanza yanafanana. Nikirekebisha tahajia tu, nitaje? Tafsiri ya Google inahesabika? Niandike mwanzoni au mwishoni? Nikisema nimetumia ChatGPT, si watadhani makala yote imeandikwa na mashine? Mwongozo huu unayajibu kwa kazi moja ya mfano, kuanzia siku unayofungua faili hadi tamko lenyewe. Ninaposema zana, nina maana ya programu yoyote iliyogusa maneno au maudhui ya kazi yako: ya akili mnemba, ya kutafsiri, ya kugeuza sauti kuwa maandishi, au ya kukagua sarufi.

Mfano wetu ni huu. Unaandika makala kuhusu wanawake wanaolima mwani Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Umewahoji wakulima na kuwarekodi kwa simu. Unayo pia ripoti ya Kiingereza inayoeleza kwa nini mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko spinosum, hufa maji ya bahari yanapopata joto kupita kiasi. Katika kazi hii umetumia zana nne: moja iligeuza rekodi kuwa maandishi, Google Translate ikatafsiri kurasa kadhaa za ripoti, ChatGPT ikafupisha sehemu ya historia na kupendekeza vichwa vidogo, na kikagua tahajia kikapita juu ya makala nzima.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Masharti ya gazeti, jarida au chuo unakopeleka kazi.
- Rasimu yako ya kwanza, ile ambayo hakuna zana iliyoigusa. Ihifadhi kama faili tofauti. Ukiandikia kwenye Google Docs, matoleo ya zamani yapo hapa: `File > Version history > See version history`.
- Mazungumzo yako na zana, yasifutwe mpaka kazi ichapishwe.
- Rekodi na nyaraka za asili.
- Daftari, au faili moja fupi, la kuandika zana ilifanya nini na lini.

Hatua ya 1: Soma masharti ya wanaopokea kazi

Usibuni utaratibu wako kama upo uliowekwa. Kwa majarida ya kitaaluma mambo yalianza kuwekwa wazi mwaka 2023. Mwezi Februari, Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ilitoa msimamo kwamba zana ya akili mnemba haiwezi kuwa mwandishi wa kazi, kwa sababu haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Mwezi Mei, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ikaongeza kwamba mwandishi aeleze matumizi hayo kwenye barua ya kuwasilisha kazi na ndani ya kazi yenyewe. Zana ikisaidia uandishi, inatajwa kwenye shukrani. Ikitumika kuchambua data au kutengeneza michoro, inaelezwa kwenye mbinu za utafiti.

Wachapishaji hawafanani katika mambo madogo. Elsevier, kwa mfano, wana tamko maalumu linalokaa mwishoni mwa makala, kabla ya marejeo, na hawadai utaje kikagua tahajia cha kawaida. Kwa hiyo swali la tahajia mara nyingi limeshajibiwa kwenye masharti. Kama unakopeleka hakuna masharti, muulize mhariri kwa sentensi moja kabla hujatuma, na jibu lake ulihifadhi.

Tahadhari: kama masharti yanakataza kabisa matumizi ya zana, tamko halikufungulii mlango. Kusema ukweli kuhusu kitu kilichokatazwa hakukifanyi kiruhusiwe.

Hatua ya 2: Andika daftari la matumizi wakati unafanya kazi

Hapa ndipo matamko mengi yanapoharibika. Mtu anamaliza kazi, kisha anakaa kukumbuka, na kumbukumbu humpunguzia. Anakumbuka kwamba zana "ilinisaidia kidogo" wakati aya tatu ni za zana nzimanzima. Kila unapofunga zana, andika mstari mmoja wenye mambo manne: tarehe, zana, ilifanya nini kwenye sehemu gani, na wewe ulifanya nini baadaye.

Kwa makala yetu ya mwani daftari linaweza kusomeka hivi:

Machi 4. Zana ya sauti. Rekodi zote za mahojiano. Maneno kadhaa yameandikwa vibaya, bado sijasikiliza upya.

Machi 6. Google Translate. Kurasa za ripoti kuhusu joto la maji na cottonii. Nimelinganisha na Kiingereza, nimesahihisha jina la ugonjwa.

Machi 9. ChatGPT. Sehemu ya pili, historia. Nilitoa rasimu yangu, ikafupisha karibu nusu. Imebadilisha "cottonii imepungua sana" kuwa "cottonii imetoweka". Nimerudisha.

Machi 9. ChatGPT. Vichwa vidogo. Nimechukua viwili, nimeandika vingine mwenyewe.

Tazama mstari wa kwanza wa Machi 9. Zana haikuulizwa habari mpya, iliambiwa ifupishe tu, na bado ilibadilisha ukweli. Kupungua na kutoweka ni mambo mawili, na mkulima wa Jambiani anayesoma makala hiyo atajua papo hapo kwamba umekosea. Zana za aina hii hufupisha kwa kuandika upya, na zinapoandika upya hupenda neno kali na la jumla. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike tu "imefupisha". Andika pia ulichokuta ulipolinganisha na rasimu yako.

Andika mwezi na mwaka kila mara, pamoja na jina la toleo kama linaonekana kwenye skrini. Jina la zana hubaki lilelile huku programu iliyo nyuma yake ikibadilishwa, na msomaji wa baadaye hatajua ni ipi uliyotumia.

Hatua ya 3: Tenganisha iliyogusa tahajia, iliyogusa maneno na iliyogusa maudhui

Pitia daftari na ujiulize swali moja kwa kila mstari: zana isingekuwepo, msomaji angesoma kitu tofauti? Kikagua tahajia kilichogeuza "maharibifu" kuwa "uharibifu" hakimbadilishii msomaji chochote cha maana. Hicho unaweza kukiacha, isipokuwa masharti yanadai.

Zana iliyofupisha sehemu ya historia imegusa maneno. Msomaji anasoma sentensi ambazo baadhi hukuziunda wewe. Hiyo inatajwa, na sehemu yenyewe inatajwa.

Zana iliyotafsiri ripoti imegusa maudhui, hata kama hakuna sentensi yake iliyoingia moja kwa moja kwenye makala. Ulichoelewa kuhusu kufa kwa cottonii kimepitia kwenye tafsiri hiyo. Ikiwa ilikosea, umekosea nayo. Waandishi wengi huiacha tafsiri nje ya tamko kwa sababu wameizoea, na kwa maoni yangu hili ni pengo kubwa zaidi katika matamko yanayoandikwa kwa Kiswahili, maana vyanzo vyetu vingi viko kwa Kiingereza.

Nukuu zinahitaji uangalifu kuliko vyote. Zana za kugeuza sauti kuwa maandishi huelewa Kiswahili sanifu vizuri zaidi kuliko lahaja. Mama wa kusini Unguja akichanganya Kikae katika maelezo yake, zana inaweza kuliruka neno, au kuliandika neno la Kiswahili sanifu linalosikika karibu na alilosema. Unachokipata kinasomeka vizuri kabisa, na hilo ndilo tatizo: huna kitu cha kukushtua. Ukikiweka ndani ya alama za kunukuu, umempa mtu maneno ambayo hakuyasema. Njia ya kujua ni moja tu, kusikiliza rekodi ukiwa na maandishi mbele yako, angalau kwa kila sentensi utakayoinukuu.

Hatua ya 4: Andika kwa vitenzi vinavyoonekana

Sasa andika. Kila sentensi ya tamko iwe na zana, kitenzi na sehemu. Vitenzi vinavyofaa ni kama ilitafsiri, ilifupisha, iligeuza sauti kuwa maandishi, ilipendekeza vichwa, iliandika rasimu ya kwanza, ilipanga upya aya. Vitenzi visivyofaa ni ilisaidia, iliboresha, ilirahisisha, iliongeza ubora. Hivyo havisemi lolote.

Linganisha. Tamko la kwanza:

*"Makala hii imeandaliwa kwa msaada wa teknolojia ya kisasa ili kuboresha lugha."*

Hakuna jina la zana, hakuna sehemu, na "kuboresha lugha" kunaweza kuwa kurekebisha nukta au kuandikiwa makala nzima. Msomaji anabaki na shaka juu ya kila sentensi, zikiwemo zile ulizokesha ukiziandika mwenyewe.

Tamko la pili:

*"Mwandishi alitumia ChatGPT na Google Translate katika kuandaa makala hii, na anawajibika kwa maudhui yote."*

Hili ni la kweli na lina majina. Lakini bado halimsaidii msomaji kujua aangalie wapi. Matamko mengi ya kujazia kwenye fomu za majarida huishia hapa, na kama fomu haina nafasi zaidi, utaishia hapo pia. Ukiwa na nafasi, endelea.

Hatua ya 5: Sema ulichokagua, na usizidishe hata neno moja

Sentensi ya "nimekagua kila kitu" ndiyo rahisi zaidi kuandikwa na ndiyo inayokuwa uongo mara nyingi. Rudi kwenye daftari. Ulisikiliza upya rekodi zote, au nukuu zilizotumika tu? Ulilinganisha tafsiri na ripoti sentensi kwa sentensi, au uliangalia tarakimu peke yake? Andika kile ulichofanya. "Nimelinganisha tarakimu na ripoti ya asili" ni sentensi nzuri kabisa kama hicho ndicho ulichofanya.

Ukiona aibu kuandika ulichokagua kwa sababu ni kidogo mno, basi bado hujamaliza kazi. Acha tamko, nenda kakague, kisha urudi.

Hatua ya 6: Sema ambacho zana haikugusa, pale tu panapohusika

Usiorodheshe yote ambayo zana haikufanya, maana hilo husomeka kama kujitetea. Taja lile ambalo msomaji angelitilia shaka. Kwenye makala ya mahojiano, atataka kujua kama ulikwenda kweli na kama watu hao walisema hayo. Kwenye hadithi, atataka kujua kama kisa ni chako. Kwenye tasnifu, msimamizi atataka kujua nani alichambua data na nani aliandika hitimisho.

Sasa tamko letu kamili:

*"Mahojiano nilifanya mwenyewe Jambiani. Rekodi ziligeuzwa kuwa maandishi kwa programu ya kompyuta, na kila nukuu iliyomo humu nimeisikiliza upya na kuiandika kama ilivyosemwa. Kurasa za ripoti ya Kiingereza kuhusu kufa kwa cottonii zilitafsiriwa kwa Google Translate, kisha nikalinganisha tafsiri na ripoti yenyewe. Sehemu ya pili ilifupishwa na ChatGPT (Machi 2025) kutoka rasimu yangu; nimeilinganisha na rasimu hiyo na kurudisha palipobadilika maana. Vichwa vidogo viwili vilipendekezwa na zana hiyo hiyo."*

Halina radhi wala majigambo, na halijazidi aya moja. Msomaji akikuta mwaka usioeleweka kwenye sehemu ya pili, anajua kosa lingeweza kuingilia wapi. Akikuta nukuu, anajua imesikilizwa na sikio la mtu.

Mhariri akikupa mstari mmoja tu, kata majina ya zana na kazi ndogo lakini acha vitenzi: *"Programu za kompyuta zilitumika kuandika rekodi, kutafsiri ripoti moja na kufupisha sehemu ya pili, nukuu zote zimehakikiwa kwenye rekodi."*

Hatua ya 7: Liweke linapoonekana

Kwa makala ya gazeti au tovuti, liweke mwishoni, chini ya jina lako, kwa herufi za ukubwa uleule. Kama zana iliandika rasimu ya kwanza ya makala nzima, lipeleke juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, kwa sababu msomaji anahitaji kulijua kabla ya kuanza. Kwa kitabu, dibaji inatosha. Kwa tasnifu, fuata fomu ya chuo, na kama haipo, weka kwenye shukrani na urudie kwenye sura ya mbinu ikiwa zana iligusa data.

Usilifiche tamko kwenye ukurasa wa "kuhusu sisi". Tamko la jumla la tovuti halielezi kazi hii moja.

Makosa yanayojirudia

*Kutumia asilimia.* Januari 2024 mwandishi wa Japani aliyeshinda Tuzo ya Akutagawa alisema kwamba takriban asilimia 5 ya riwaya yake ilikuwa sentensi zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka kwa akili mnemba. Habari ikaenea dunia nzima kama riwaya iliyoandikwa na mashine, na ikambidi afafanue kwamba maneno hayo yalitumika pale mhusika anapozungumza na mfumo wa akili mnemba ndani ya hadithi. Sehemu ikitajwa, kila mtu anaelewa. Asilimia ikitajwa, kila mtu anaitafsiri anavyotaka, na wewe mwenyewe huna namna ya kuipima.

*Kudhani tamko linafuta kosa.* Februari 2024 jarida moja la biolojia lilichapisha makala yenye picha ya panya mwenye viungo visivyowezekana na maneno yasiyo na maana kwenye lebo zake. Waandishi walikuwa wamesema wazi kwamba picha zilitengenezwa kwa Midjourney. Makala ilifutwa ndani ya siku chache. Tamko lilikuwa la kweli. Picha ndiyo ilikuwa mbaya, na bado ilichapishwa.

*Kusahau mabaki ya zana.* Machi 2024 wasomaji waligundua makala ya kisayansi ambayo utangulizi wake ulianza kwa sentensi ya roboti ikimjibu mtumiaji kwamba huu hapa utangulizi unaoweza kumfaa kwa mada yake. Mabaki ya aina hiyo ni ushahidi kwamba maandishi hayakusomwa. Kabla hujaandika neno "nimekagua", soma kazi yote kwa sauti mara moja.

*Kupakia rekodi za watu bila ruhusa yao.* Tamko linasema rekodi zilipelekwa kwenye programu. Je, waliorekodiwa wanajua? Waambie siku ya mahojiano, kwa maneno ya kawaida: "Mama, sauti hii nitaipitisha kwenye kompyuta iniandikie, unaridhia?" Akikataa, andika kwa mkono.

Ukikwama

*Historia ya mazungumzo imefutika.* Linganisha rasimu ya kwanza na ya mwisho. Kwenye Word ipo amri ya `Review > Compare`. Utaona sehemu zilizobadilika kwa wingi mara moja. Hizo ndizo za kuzikumbuka kwanza. Ukibaki na shaka kama aya fulani ilipitia kwenye zana, itaje kuwa ilipitia.

*Mwenzangu niliyeandika naye hakusema alitumia nini.* Mtumie orodha yako, umwombe aongeze yake, na usipeleke kazi mpaka ajibu. Tamko linawabana nyote wawili.

*Mhariri ameliondoa.* Muulize sababu. Kama ni nafasi, mpe toleo la mstari mmoja. Kama hataki kabisa wasomaji wajue, hifadhi barua hizo na uamue kama unataka jina lako litoke juu ya kazi hiyo. Mimi nisingetaka.

*Kazi imeshachapishwa bila tamko.* Mwandikie mhariri leo, ukiambatisha tamko lililo tayari, na umwombe liongezwe likiwa na tarehe ya kuongezwa. Usiliingize kimyakimya kana kwamba lilikuwepo siku zote.

*Nimeshutumiwa kwamba zana imeniandikia, na si kweli.* Programu za kubaini maandishi ya akili mnemba hukosea. OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Usibishane na alama iliyotolewa na programu. Toa rasimu zako kwa mpangilio wa tarehe, daftari la matumizi, na rekodi za mahojiano, kisha umwombe anayekushutumu aonyeshe ni sentensi gani anayoitilia shaka.